Kodi nililipa Juni 28, kwa mwenye nyumba inasomeka Julai 8

Ndugu Mhariri, naomba wasomaji wenzangu, hasa waliofanya kazi benki na wanaojua mambo ya nyumba, wanisaidie mawazo.

Nimepanga Tabata, kodi ni laki tatu kwa mwezi na ninalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba unasema kodi ya kipindi kinachofuata “iwe imelipwa” ifikapo Julai 1, ukichelewa unaongeza asilimia kumi. Ijumaa ya Juni 28 asubuhi nilikwenda kwenye benki yangu nikajaza fomu ya kuhamisha shilingi 1,800,000 kwa TISS kwenda akaunti ya mwenye nyumba, ambayo iko benki nyingine. Nilichagua TISS kwa makusudi, maana fedha hufika benki ya pili siku hiyohiyo, haisubiri kukusanywa na malipo mengine.

Wiki iliyofuata kijana wa mwenye nyumba, ambaye ndiye anayesimamia wapangaji, akanipigia: kodi haijaonekana. Nikamtumia picha ya fomu yenye muhuri. Julai 8 fedha ikaonekana, lakini kwenye taarifa ya akaunti ya baba yake imeandikwa tarehe hiyohiyo ya 8. Sasa anadai 180,000 ya kuchelewa. “Kwangu mimi statimenti ndiyo inaongea,” ananiambia.

Nimefuatilia. Benki yangu imenipa barua yenye muhuri, inataja namba ya kumbukumbu ya muamala na kuthibitisha kwamba fedha ilitoka na kupokelewa na benki ya pili Juni 28. Kule benki ya pili, afisa wa dirishani alinieleza kwa mdomo kwamba fedha iliingia siku ile, ikawekwa kwenye akaunti ya muda kwa sababu karani wao alikosea kuiandika. Walipogundua, waliihamishia kwa mzee Julai 8. Kwa kawaida marekebisho ya namna hiyo hubeba tarehe mbili: siku yalipofanyika, na siku fedha ilipopaswa kuhesabiwa kuwa yako. Wao wameacha hiyo ya pili isomeke 8 pia. Kosa zima liko hapo. Nikaomba waniandikie. Akasema mimi si mteja wao. Akaunti ni ya mzee, siri ni ya mzee, aje yeye mwenyewe aombe. Kisheria sina la kumlaumu huyo afisa.

Lakini mzee yuko Morogoro na hataki kusikia habari za kwenda benki. Nimemwandikia hivi, bado sijaituma:

“Shikamoo mzee wangu. Nakuandikia kuhusu kodi ya Julai hadi Desemba. Niliihamisha Juni 28, siku tatu kabla ya tarehe ya mkataba. Nimeambatanisha nakala ya fomu yenye muhuri, taarifa ya akaunti yangu inayoonyesha fedha kutoka siku hiyo, na barua ya benki yangu yenye namba ya muamala. Benki yako iliipokea siku hiyohiyo lakini ikakuandikia Julai 8. Naomba uwape namba hiyo, wakuandikie lini waliipokea, na warekebishe tarehe kwenye akaunti yako. Kama safari ni ngumu, nitakuandalia barua ya maombi, wewe utie sahihi tu, nami niipeleke. Faini naomba isubiri majibu yao. Mpangaji wako, chumba cha uani.”

Barua ya benki yangu nimeiweka nakala tu, asilia inabaki kwangu. Kijana wake ameshanipotezea risiti ya luku, siwezi kumwamini na hiyo.

Kuna mawili yananisumbua. La kwanza ni hilo neno la mkataba, “imelipwa”. Mimi nasoma kwamba nimelipa pale fedha ilipofika benki aliyoichagua yeye mwenyewe. Kijana anasoma kwamba ni pale ilipoonekana kwenye akaunti. Je, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huwa linaangalia lipi? La pili, mke wangu anashauri nilipe hiyo 180,000 nipate usingizi, kisha niidai benki baadaye. Naogopa nikilipa kimyakimya itakuwa kama nimekiri kuchelewa, na mkataba wetu unamruhusu mzee kutonipa kipindi kingine nikichelewa mara mbili. Nikilipa huku nimeandika kwenye risiti kwamba nalipa nikipinga, ina uzito wowote hapa kwetu? Au nianze kwa mjumbe, anikutanishe na mzee bila huyu kijana katikati?

Msomaji wako,
Mpangaji wa Tabata, Dar es Salaam