Barua ya wazi kwa meneja wa jengo letu: breka za ampia 32 na kufuli la geti la nyuma

Ndugu Meneja,

Tunakusalimu kwa heshima. Wiki iliyopita soketi ya ghorofa ya tatu ilishika moto usiku. Waliokimbilia ngazi za nyuma walikuta geti lina kufuli, na mlinzi hakujua ufunguo uko wapi. Bahati mtu aliwahi kushusha swichi kuu. Ulishatuahidi matengenezo, tena mbele ya kikao cha wapangaji.

Chanzo tunakijua kwa sehemu kubwa. Soketi zetu zimevutiwa waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ukiwa ndani ya bomba ukutani hubeba ampia 16 hivi. Breka za awali zilikuwa za ampia 16, zikawa zinakata kila jioni. Fundi wako akafunga za 32 na malalamiko yakaisha. Hatari ikaanzia hapo. Jiko la umeme la wati 2,500, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye laini moja ni wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata ampia 24. Breka ya 16 ingekata baada ya muda. Ya 32 haishtuki, na waya ndio unaochemka ukutani mpaka ganda lake linakakamaa na kupasuka. Soketi za kahawia, swichi zenye joto na harufu ya plastiki tumeziripoti mara nyingi.

Tunaomba breka za 16 zirudishwe mara moja, hata kama umeme utakatika kila jioni. Kisha soketi zivutiwe waya wa 2.5, na jiko lipewe laini yake.

Mitungi ya kuzimia moto ya korido ya pili ina mshale kwenye nyekundu, maana yake presha imekwisha. Hata wenye mshale kwenye kijani unahitaji fundi kila mwaka, kwa sababu poda hugandamana chini. Tena mtungi wa kilo 6 huisha chini ya nusu dakika, hivyo anayeushika awe ameshajua: vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bonyeza, pepeta kushoto na kulia.

Hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa kila ghorofa, pamoja na mahali ilipo swichi kuu, katazo la kuuzima moto wa umeme kwa maji, njia za kutokea na namba 114 ya zimamoto. Tangazo lililopo sasa ni la kodi tu.

Nyaya zinahitaji fedha, tunaelewa. Kufuli halihitaji. Geti lifungwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na wa nje asiweze kulifikia. Ndugu Meneja, kufuli hilo litoke leo, kabla ya giza.

Wapangaji wako