Nilitaka mkataba wa kuandika, sasa nimeletewa nauogopa kuusaini

Wasomaji wenzangu habari zenu, naomba ushauri hasa kwa mliokodi maduka hapa Mombasa. Mi nashona madera na yunifomu Majengo, duka nimekodi tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa na sasa yuko sekondari. Siku zote hizo ni mdomo tu na mzee mwenye nyumba, kodi elfu kumi na nne natuma kwa M-Pesa, risiti hamna, bomba likipasuka ananiambia tengeneza mwanangu utakata kwenye kodi. Tumeishi vizuri mashallah.

Sasa mzee anaumwa, mambo kashika kijana wake, akaja kunambia mwezi ujao ni elfu ishirini. Nikamwambia ndugu yangu kodi kupanda sikatai, ila tuandikiane, kodi ni ngapi na itapanda lini na kwa kiasi gani, paa likivuja nani anatengeneza, ile diposti nilompa mzee itambulike, na mashelfu na taa nilizoweka mwenyewe nikihama niondoke nazo. Akakubali haraka mpaka nikashangaa.

Karatasi alizoleta zinasema miaka mitano na miezi mitatu. Nikafurahi, si mingi hiyo? Basi kuna kasitoma wangu karani kwa loya, akasoma akanambia dada usisaini kwanza. Anasema kuna sheria ya Kenya, Sura ya 301, inalinda mpangaji wa duka ambaye hana mkataba wa maandishi, au anao lakini hauzidi miaka mitano. Ukilindwa hivyo mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa kukwambia tu mlangoni, lazima akupe notisi kwenye fomu maalum ya miezi miwili au zaidi, na wewe kama hukubali unamjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja halafu unapeleka kesi traibunali ya maduka kabla notisi haijaisha. Ile miezi mitatu ya juu ndo inakutoa kwenye ulinzi huo! Kumbe nilivyokuwa na mdomo mtupu nilikuwa na nguvu kuliko nikisaini hii, na meseji zangu za M-Pesa zinatosha kuonyesha mimi ni mpangaji.

Lakini mdomo nao siutaki tena, maana mambo ya paa na diposti anayajua mzee peke yake, na Mungu akimchukua nitamuuliza nani?

Nafikiria nimrudishie nimwombe iwe miaka mitano kamili au mitatu, yale mengine yabaki. Je nimwambieje asione namtega, na akikataa niendelee tu kulipa elfu kumi na nne? Halafu kuna hili, nyumba ni ya mzee na kijana hajanionyesha karatasi yoyote ya kumruhusu kusaini kwa niaba yake, saini yake peke yake itasimama kweli? Aliyepitia haya anijibu tafadhali.

Fundi wa Majengo