Kwa ndugu zangu wa mazoezi ya Jumamosi: goti hujibu kesho yake asubuhi

Wanangu na wadogo zangu tunaotembea pamoja Raskazone,

Salaam nyingi. Nimekosekana wiki mbili tu, na habari zimenifuata hadi kitandani. Nasikia kijana mliyemwomba awaongoze aliwapigisha kichurachura pale mchangani, na wenzetu wawili wenye magoti yaliyosagika hawajatoka ndani tangu siku hiyo. Wa tatu ameapa kwamba mazoezi basi. Sasa anakula bamia na supu ya kongoro, anasubiri uteute urudi gotini.

Kijana simlaumu sana, alifundisha alichofundishwa. Huyu wa bamia ndiye aliyenifanya nichukue kalamu, kwa sababu nimemsikia mtu wa namna yake kwa miaka yote 34 niliyofanya kazi ya fiziotherapia. Bamia ni mboga nzuri, ale. Lakini ule utelezi wake huyeyushwa tumboni kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kushuka gotini. Tena kwa wengi wetu ute haujakauka hata kidogo. Goti lililovimba lina ute kupita kiasi. Kilichopungua ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na gegedu halina mishipa ya damu. Hula kwa kubanwa na kuachiwa. Ukikanyaga, linakamuliwa kama sifongo. Ukiinua mguu, linafyonza ute wenye chakula. Goti linaloketi siku nzima linashinda na njaa.

Nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo kazini nami niliwaambia wagonjwa "pumzisha goti, acha ngazi". Walinitii, na baada ya mwaka walirudi na mapaja yamenywea, wakiinuka kitini kwa kusukuma meza. Wakati ule ndivyo tulivyojua. Leo mazoezi ni tiba ya kwanza ya magoti na nyonga zilizosagika, kabla ya sindano na kabla ya kisu. Wadenmaki walianzisha mpango wao mwaka 2013, unaoitwa GLA:D. Mgonjwa anafundishwa kuhusu ugonjwa wake, kisha anafanya mazoezi yenye usimamizi mara 12, mara mbili kwa wiki, na mpango huo sasa umeenea nchi nyingi. Hawayakimbii maumivu yote. Wanayapima, na kipimo chenyewe mtu yeyote anaweza kukitumia akiwa ukumbini kwake.

Kinakwenda hivi. Sifuri ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawaza. Kabla ya kuanza, jiulize goti liko ngapi. Wakati wa zoezi, mpaka 2 huna la kuhofia. Kati ya 2 na 5 endelea, ila kwa macho. Likivuka 5, punguza hapo hapo: kiti kirefu zaidi, mara chache zaidi, au pumzika. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopotea, maana nusu ya kipimo iko kesho yake. Maumivu yaliyopanda wakati wa zoezi yanatakiwa yawe yamerudi yalikokuwa ndani ya saa 24. Ukiamka asubuhi goti limekakamaa kwa muda uleule uliouzoea, dozi ya jana ilikufaa. Ukiamka limevimba, au ule ukakamavu wa dakika 10 umekuwa wa saa nzima, jana ulizidisha, hata kama ulimaliza unacheka.

Uvimbe msiukadirie kwa macho tu. Keti, nyoosha miguu yote miwili, legeza mapaja, kisha pitisha kidole kwenye vibonde vya pembeni mwa pia ya goti. Upande mzima utakuta kibonde. Upande uliojaa maji, kibonde kimepotea na ngozi inabonyea kama mto. Goti lenye maji huizima misuli ya mbele ya paja, na siku hiyo ukilazimisha zoezi zito unafanyisha mguu kazi wakati mlinzi wake amelala.

Basi zoezi gani? Nikiambiwa nichague moja kwa mtu wa goti, ni kuinuka kitini. Kila mtu anahitaji kuinuka, na ugumu wake unaupunguza au kuuongeza kwa urefu wa kiti. Huko Berlin wataalamu waliwahi kupima mzigo ndani ya magoti ya bandia yaliyofungwa vipimo. Waliona kuinuka kitini kunabebesha goti kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, karibu sawa na kutembea tambarare, lakini kushuka ngazi ni kama mara tatu na nusu. Kwa hiyo anayeshindwa ngazi asianzie kwenye ngazi. Kichurachura hakina hata nafasi kwenye orodha hii: goti limekunjwa lote, kisha unarusha uzito wote na kuupokea tena.

Niwape mfano wa mama mmoja muuza maandazi, umri 58, kilo 86, goti la kulia. Alikuja anainuka kwa mikono miwili, maumivu 4, asubuhi anakakamaa dakika 10. Kiti chake cha plastiki kilimshinda bila mikono. Tukapachika viti viwili, kimoja juu ya kingine, tukaviegemeza ukutani visiteleze. Zile sentimita chache zikatosha. Miguu sawa na upana wa nyonga, visigino vimerudi nyuma kidogo, kifua kinainama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anainuka. Magoti yanaelekea kidole cha pili, yasiingie ndani. Kushuka ndiko nilikosisitiza: ahesabu moja, mbili, tatu, asijitupe kama gunia. Alianza na raundi tatu za mara 6, akipumzika dakika moja kati yake, siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Maumivu yalikuwa 3 wakati wa zoezi, na asubuhi yake dakika 10 zilezile. Tukaacha hivyo wiki nzima. Kisha tukapanda mara 8, kisha 10. Kanuni yangu ya kupanda ni hii: lengo likiwa 10, na ukaweza kuongeza mbili katika raundi ya mwisho, siku mbili mfululizo za mazoezi, na asubuhi zote mbili goti limenyamaza, ndipo unapanda. Na unapanda kitu kimoja tu. Ama unaondoa kiti, ama unaongeza hesabu, ama unabeba uzito. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja goti likavimba, hutajua yupi amekuuma.

Wiki ya nne tuliondoa kiti kimoja na hesabu ikarudi 8. Wiki hiyohiyo akafiwa, akakaa mkekani siku mbili, akarudi goti limejaa. Hapa ndipo wengi huacha kabisa. Yeye alirudisha kile kiti cha pili, akafanya nusu ya hesabu yake, raundi mbili badala ya tatu, na katikati ya siku akawa anakunja na kunyoosha goti hewani akiwa ameketi. Uvimbe ulipungua siku ya tano. Baada ya wiki moja alikuwa amerudi alikoachia. Wiki ya tisa alikuwa anainuka kiti kimoja akikumbatia pakiti ya sembe ya kilo 2. Wiki ya 12 alifanya mara 12 bila mikono, maumivu 1, na ngazi tatu za mlangoni kwake akawa anazipanda mguu mbele ya mguu. Kupiga magoti sakafuni bado kulimshinda, na sikumwahidi. Gegedu lililokwisha halikuota. Paja ndilo lililopata nguvu ya kubeba.

Kuna jambo moja lilimponza mwanzoni nisilolificha, kwa sababu nalijua mnalifanya: alikuwa anameza diklofenaki ya dukani nusu saa kabla ya zoezi "ili afanye vizuri". Ukifanya hivyo ile namba unayoisoma si ya goti, ni ya kidonge. Tena dawa hiyo kwa mazoea huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, na nusu ya kikundi chetu wana presha. Kama daktari amekuandikia, fuata alivyosema. Ila usiitumie kujinunulia hesabu za ziada.

Sasa wa nyonga, msidhani nimewasahau. Nyonga iliyosagika huuma kinenani, si pembeni pale mnapopapasa, na mara nyingine humdanganya mtu kwa kuuma gotini. Dalili yake ya nyumbani ni kushindwa kukata kucha za miguu au kuvaa soksi. Ninyi kiti kirefu mnakihitaji zaidi, kwa sababu kukunja nyonga sana huibana mbele. Anzeni kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, mkainua makalio na kuyashikilia kwa hesabu ya tano. La pili, lala ubavu, upande unaouma juu, inua mguu ulionyooka kisigino kikitangulia. Mwili ukilala nyuma kidogo tu, kazi inahamia kwa misuli ya mbele na zoezi limepotea. Ndiyo maana nawaambia mlalie karibu na ukuta, mgongo na kisigino viguse ukuta. Kipimo cha maumivu na kanuni ya kupanda ni zilezile. Na bakora inashikwa mkono wa upande mzima. Nimewaona wawili wenu wanashika upande unaouma.

Wachache hawatakiwi kuanza bila kuonwa. Goti lililovimba ghafla likawa la moto, na homa juu yake, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma, vilevile. Goti linalogoma kabisa kunyooka, au mguu usiokanyagika baada ya kuanguka, usiupeleke mazoezini.

Wale wawili waliofungiwa na kichurachura, nimewaagiza waanze leo kwa nusu: viti viwili, mara 4, raundi mbili. Jumamosi nitakuwa pale saa 12 na nusu asubuhi na viti sita vya plastiki kwenye bajaji. Kila mmoja aje na kijidaftari chenye safu tatu: hesabu, maumivu wakati wa zoezi, na dakika za kukakamaa kesho yake. Kijana wa kichurachura naye aje, nimemwekea kiti cha mbele.

Wenu,
Babu wa viungo, Tanga