Nyama ya "kuwahi" na kidonda cheusi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka mingi hapa wilayani Nzega kabla ya kustaafu, na sasa nafuga ng'ombe wangu wachache. Naandika kuhusu nyama inayoitwa huku kwetu "ya kuwahi". Kibudu kila mtu anakijua, na Mwislamu hakigusi. Lakini ng'ombe akianguka alfajiri, akatetemeka, mtu akafika na kisu kabla roho haijatoka, nyama hiyo huhesabiwa kuwa imechinjwa. Kwa dini sina la kusema, waulizwe masheikh. Kwa ugonjwa wa kimeta, kisu hicho cha haraka ndicho kibaya kuliko vyote.

Nitoe mfano wa jirani yangu, mwishoni mwa kiangazi. Majani yalikuwa mafupi kiasi kwamba ng'ombe walikuwa wanayang'oa pamoja na udongo. Jike lake la miaka minne lilirudi jioni likiwa zima, likanywa maji, likalala. Asubuhi kijana akalikuta linayumba, likaanguka. Mjomba wake akaliwahi. Damu ilitoka nyeusi, nyepesi, ikakaa kwenye karai bila kuganda. Walipopasua tumbo, bandama ilikuwa imevimba kupita kawaida, na ndani yake mithili ya lami. Mtu mmoja akasema kaumwa na nyoka, mwingine akasema sumu ya pamba. Nyama ikagawanywa, nyingine ikauzwa kwa bei ya chini ya buchani, na ngozi ikaanikwa uani.

Siku ya tatu mjomba akaona kipele kwenye kifundo cha mkono, kinawasha, akadhani ni mbu. Siku ya tano kikawa lengelenge la maji, kisha katikati pakawa na gaga jeusi kama mkaa, na mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Ajabu ni kwamba halikumuuma. Jipu linauma, kidonda cha kimeta kwa kawaida hakiumi, na hiyo ndiyo alama kubwa ya kuvitofautisha. Walitaka kulipasua kwa wembe. Bahati nzuri shangazi alikataa, wakampeleka zahanati, na mganga akapata jibu baada ya kuuliza swali moja tu: "Umechinja nini wiki hii?" Akapewa antibiotiki akapona. Gaga lilichukua wiki kadhaa kudondoka, jambo linalowachanganya wengi. Dawa inaua vijidudu, lakini kidonda chenyewe huendelea na mwendo wake, na mgonjwa anayedhani dawa imeshindwa huziacha njiani. Asipotibiwa, kati ya watu 10 mmoja au wawili wanaweza kufa kwa kimeta cha ngozi. Akitibiwa mapema, vifo ni nadra.

Sasa, Mhariri, waliokula nyama ile hawakuugua hata mmoja. Hili ndilo linalonisumbua, kwa sababu limekuwa ushahidi wa kijiji kizima. "Sisi tulikula mbona wazima?" Nami nawajibu hivi. Kimeta kina hali mbili. Ndani ya mnyama anayeumwa, kijidudu kiko uchi, na moto wa sufuria unaweza kukiua. Kikipata hewa, hujifunga gamba gumu na kuwa kama mbegu. Mbegu hiyo haifi kwa kuanikwa wala kwa chumvi, na haifi kwa hakika kwa kuchemshwa kwenye sufuria ya kawaida. Nyama iliyopikwa haraka na kuiva sana inaweza kukupitisha salama. Ile iliyolala, iliyoanikwa, iliyochomwa juujuu, au maini yaliyoliwa nusu mbichi, hiyo ni bahati nasibu. Na kimeta cha tumboni si kidonda mkononi: ni homa, maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuhara damu, na kinaua sehemu kubwa ya wanaokipata. Majirani zetu wa Zambia, wilayani Sinazongwe, mwaka 2023 walianza kuonekana zahanati na vidonda usoni na mikononi baada ya kugusa au kula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa.

Kwa hiyo hesabu haiko kwa mlaji tu. Anayechuna, anayekata, anayeosha utumbo na anayeanika ngozi wamegusa damu kwa mikono yenye michubuko, ndio huumia kwanza.

Kisha kuna udongo. Mzoga usiopasuliwa unaoza wenyewe, na wadudu wa uozo, bila hewa, humaliza vijidudu vingi vya kimeta vilivyo ndani kwa siku chache. Mzoga uliopasuliwa humwaga damu ardhini, damu hupata hewa, na mbegu zinaweza kukaa hapo miongo kadhaa. Ndiyo maana ng'ombe hufa tena mahali pale pale, miaka baada ya watu kusahau. Jirani yangu alipasulia malishoni, kando ya mbuga tunayolisha sote.

Si kila kifo cha ghafla ni kimeta. Kuna chambavu, kuna radi, kuna gesi tumboni, kuna nyoka kweli. Damu puani, mdomoni na kwenye haja kubwa, mwili usiokakamaa na tumbo linalovimba upesi ni dalili za kimeta, lakini zinaweza kukosekana. Kwa macho huwezi kuapa, hata mimi siwezi. Kwa hiyo mnyama aliyekufa bila kuugua, au anayeanguka ghafla, asitiwe kisu. Ofisa mifugo hahitaji kumpasua: anachukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, akiwa na glovu, na sampuli inakwenda maabara. Wakati mnamsubiri, zuieni mbwa na fisi kwa kulundika miiba juu ya mzoga, msiuburute, na kama damu inatoka, zibeni matundu kwa matambara kwa mikono iliyovikwa plastiki. Kisha uchomwe pamoja na udongo uliolowa damu, au ufukiwe futi sita kwenda chini. Chokaa tuliyozoea kumwaga shimoni tuiache, kwa kuwa kalsiamu yake inasemekana husaidia mbegu kudumu, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia.

Kundi lililobaki lihamishwe malisho na lichanjwe. Hapa wafugaji wenzangu wengi huharibu: wanachanja leo na kuchoma sindano ya antibiotiki leo hiyo hiyo, "ili kuhakikisha". Chanjo ya kimeta ni kijidudu hai kilichodhoofishwa, na ile sindano inakiua. Umelipia chanjo bure.

Aliyekwishagusa au kula asisubiri gaga. Aende zahanati, na asiseme tu "nina kipele" au "tumbo linauma", aseme nilipasua ng'ombe aliyeanguka ghafla, siku fulani. Mhudumu asiyeambiwa hilo atatoa dawa ya minyoo.

Ombi langu kwa halmashauri zetu za Tabora ni dogo. Mzee maskini aliyepoteza ng'ombe hawezi pia kununua kuni na mafuta ya kumchomea, na hapo ndipo nyama inapouzwa usiku. Kata iwe na fungu la mafuta, glovu, na vijana wanne wa kuchimba. Pale mbugani kwetu tumeweka ua wa miiba wenyewe, lakini kila kiangazi watoto wa machunga wanauondoa kwa ajili ya kuni, maana hakuna kibao kinachowaambia ni wa nini.

Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Nzega, Tabora