Kabla hujalipia zile tiketi mbili

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima. Ratiba uliyonitumia, ya safari moja kwa tiketi mbili za mashirika mawili, nimeisoma jana usiku, nikairudia tena asubuhi, na nimeona nikuandikie kwa kirefu kabla hujalipa.

Umeniambia kwamba ndege ya kwanza inafika saa nne na dakika ishirini asubuhi, ya pili inaondoka saa saba na dakika tano mchana, na kwamba umesoma mahali kuwa muda wa chini wa kuunganisha ndege katika uwanja ule ni saa moja na robo. Wewe una saa mbili na dakika arobaini na tano, kwa hiyo umeona nafasi imebaki tele. Nakuelewa, maana nami niliwahi kupiga hesabu hiyohiyo. Lakini ile saa moja na robo si ya kwako, dada.

Muda ule hupangwa kwa ajili ya abiria mwenye tiketi moja. Kila uwanja una wake, na ndani ya uwanja mmoja hutofautiana kwa teminali na kwa aina ya safari, kama unatoka ndege ya ndani kwenda ya nje au ya nje kwenda ya nje. Mifumo ya kuuza tiketi inautumia kama kizuizi: haikubali kukuuzia kwenye tiketi moja ndege mbili zilizokaribiana kuliko hapo. Lakini umehesabiwa kwa abiria ambaye begi lake linahamishwa na wafanyakazi nyuma ya pazia, na pasi ya ndege ya pili anayo tayari mfukoni. Yeye kazi yake ni kutembea, pengine kukaguliwa tena, basi. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lililomuuzia tiketi lina wajibu wa kumtafutia nafasi kwenye ndege nyingine mpaka afike mwisho wa safari, bila kumtoza nauli mpya.

Wewe una namba mbili za uhifadhi, yaani mikataba miwili isiyojuana. Kwa shirika la kwanza, safari yako inaishia pale katikati. Siku ya safari, angalia lebo watakayofunga kwenye begi lako: zile herufi tatu kubwa zitakuwa za uwanja wa katikati, si za unakokwenda. Maana yake begi litatokea kwenye mkanda pale, na litazunguka mpaka ulichukue mwenyewe. Ili ulifikie, kwa kawaida ni lazima upite uhamiaji, yaani uingie nchi ile kihalali. Je, umeangalia kama unahitaji viza yake? Kupita tu bila kutoka nje na kuingia nchini ni mambo mawili tofauti. Yule wa kaunta utakapoanzia safari ataangalia kama unaruhusiwa kuingia pale tiketi yake inapoishia, na asiporidhika anaweza kukuzuia usipande kabisa.

Tuseme viza ipo. Sasa tupige hesabu tukianzia nyuma. Saa saba na dakika tano ndiyo saa ndege inapoondoka, lakini kaunta ya mizigo hufungwa mapema. Kwa safari za nje mashirika mengi hufunga saa nzima kabla, na ya kwako imeandikwa hivyohivyo kwenye masharti, nimeyafungua nikayaona. Kwa hiyo mwisho wako ni saa sita na dakika tano. Papo hapo zile saa mbili na dakika arobaini na tano zimeshakuwa saa moja na dakika arobaini na tano.

Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ndege inaposimama langoni. Mpaka mlango ufunguliwe na walio mbele yako washushe mabegi yao ya juu, weka dakika 15. Kutembea na foleni ya pasipoti, weka 35, na hapo nimekuwa mpole. Kusubiri begi, 10. Kutoka forodhani na kupanda basi la kwenda teminali nyingine, 15. Foleni ya kaunta, 15. Jumla ni dakika 90, kwa hiyo begi lako linafika kwenye mizani saa sita kasoro dakika kumi. Umebakiwa na robo saa.

Hiyo robo saa ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika takwimu za usafiri wa anga, ndege iliyochelewa chini ya dakika 15 huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati. Kwa hiyo hata siku ambayo kila mtu atasema mambo yamekwenda sawa, akiba yako yote inaweza kuwa imeliwa.

Mimi ndege yangu ilichelewa dakika arobaini. Nilifika kaunta dakika nane baada ya kufungwa, jasho linanitiririka, begi mkononi. Ndege ilikuwa bado langoni na ilibakiza zaidi ya nusu saa kuondoka. Yule dada wa kaunta hakuwa mkatili. Aliniambia mzigo hauwezi tena kukaguliwa na kupakiwa kwa wakati, kisha akaniuliza kwa nini sikununua tiketi moja. Nikamwonyesha ujumbe wa shirika la kwanza kuhusu ucheleweshaji. Akausoma mpaka mwisho, akanirudishia simu. Kwao nilikuwa abiria asiyetokea, na sababu ya kutotokea haikuwa juu yao.

Nikanunua tiketi nyingine ya kwenda, kwa bei ya siku ileile, nikadhani hasara imeishia hapo. Wiki mbili baadaye, nikijiandaa kurudi, nikakuta safari yangu ya kurudi haipo. Ukikosa kipande cha kwanza bila taarifa, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata kwenye tiketi ileile. Hilo sikulijua, na ndilo lililoniumiza kuliko yote. Ya kwako nayo ni ya kwenda na kurudi, ndiyo maana nakuambia.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Tafuta safari hiyohiyo kwenye tiketi moja, kisha ulinganishe bei yake na hizi mbili ukijumlisha viza. Tofauti ikiwa ndogo, usifikiri mara mbili. Ikiwa kubwa, basi ndege ya kwanza iwe ya jana yake, ulale pale katikati. Kusafiri na begi la mkononi tu kunasaidia sana, lakini uliza kwanza kama shirika la pili litakupa pasi kwenye simu bila kutaka kuona pasipoti yako kaunta. Na ukiona siku hiyo ndege ya kwanza inachelewa, piga simu shirika la pili ukiwa bado hujaruka. Kama tiketi yako inaruhusu mabadiliko, mara nyingi yanakubalika kabla ndege haijaondoka. Ikishaondoka bila wewe, kwa kawaida haki hiyo imekwisha.

Nitumie masharti ya tiketi ya kurudi nayo, nitayasoma leo jioni. Ile bei uliyoipata wanaishikilia mpaka kesho mchana, kwa hiyo usiku wa leo bado tunao.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi