Barua kwa rafiki yangu aliyepewa usupavaiza

Assalaam alaykum yakhe,

Habari nimezipata kwa shemegi yako kabla hujaniambia mwenyewe, kwamba wamekutoa kwenye ufundi wamekupa usupavaiza wa mafundi wote hapo hotelini Kiwengwa. Hongera sana, na ni haki yako. Juzi ulinipigia ukaniuliza uanzie wapi, simu ikakatika, nikaona bora nikuandikie kwa utulivu maana jambo lenyewe refu na mie nalijali, sitaki uanze vibaya.

Nikwambie kwanza kile ninachotaka ukiweke kichwani. Miezi hii mitatu ya mwanzo kipimo chako si viyoyozi vingapi umetengeneza, kipimo ni kwamba ikiisha, wenzio waweze kwenda na kazi siku weye hupo. Bahati yako wamekupa wakati wa masika, wageni wachache, vyumba vingine vimefungwa, unayo nafasi ya kupanga mambo kabla Julai haijafika hoteli ikajaa.

Wiki ya kwanza kabla ya yote kaa na bosi wako umuulize mambo matatu tu: anataka aone nini mwisho wa Juni, nini unaweza kuamua mwenyewe bila kumuuliza (kifaa cha shilingi ngapi, mtu kuondoka mapema, kubadilisha shifti), na jambo gani hataki kulisikia kwa mtu mwengine kabla yako. Akishakujibu mwandikie meseji ileile siku hiyohiyo, "bosi tumekubaliana hivi na hivi". Usidharau hiyo meseji, masupavaiza wengi wapya wanagombana na bosi kwa sababu kila mtu alikuwa na mipaka yake kichwani.

Halafu kaa na mafundi mmoja mmoja, nusu saa kila mtu, pahala pa faragha, sio resepsheni wala barazani kwenye kahawa. Muulize kitu gani kinampotezea muda, kazi gani anaiweza na hakuna anayempa, na angekuwa yeye ndio weye angeanza kubadilisha nini. Ukishauliza nyamaza, usijitetee, usiahidi, andika tu. Utasikia malalamiko yanajirudia, na mara nyingi ni kitu kidogo kama ufunguo wa stoo, fundi wa usiku anangojea mpaka asubuhi kwa sababu ya fyuzi moja. Kitengeneze hicho kimoja mwezi wa kwanza, mengine yaache mpaka uelewe kwa nini yako vile yalivyo.

Yule mkubwa wetu wa pampu, aliyekuwa akitegemea nafasi hii aipate yeye, anza naye. Shikamoo yako ibaki palepale, na umwambie wazi "najua nafasi hii ulikuwa na haki ya kuitarajia, na mie nakuhitaji". Usiombe radhi kwa kupewa cheo maana hukukiiba, ila mpe kitu cha kweli cha kusimamia, pampu na matangi yawe yake kabisa, hata oda ya vifaa vya huko aandike yeye. Ukimpa jina tupu bila mamlaka atajua siku ya pili tu.

Sasa tuje penye ugonjwa wenyewe. Weye ndio bingwa wa viyoyozi hapo, resepsheni wana namba yako, kiyoyozi kikivuja maji wanakupigia weye na weye unakwenda, dakika ishirini umemaliza, mgeni kafurahi na weye umefurahi. Lakini yule kijana ambaye ilikuwa ajifunze kuzibua bomba la maji kabaki amekaa, na rosta ya wiki ijayo bado hujaipanga. Utajuaje umeshaugua? Mwisho wa wiki fungua simu yako uangalie simu ngapi za kazi zimekuja kwako badala ya kwa fundi wa zamu. Dawa yake ni simu moja ya shifti, anayeingia zamu ndiye anayeishika, na daftari moja la kazi, kila kazi iandikwe saa iliyoingia, nani kaichukua, nini kilikuwa kibovu. Resepsheni wakikupigia weye, wajibu kwa adabu kisha waelekeze kwenye simu hiyo, kila mara, hata kama uko mlango wa pili. Wiki mbili za mwanzo zitakuuma.

Chukua kazi moja kubwa uikabidhi yote, na kwa msimu huu hakuna nzuri kama sevisi ya viyoyozi kabla ya wageni. Tuseme vyumba 48. Mafundi wawili wawili, timu zote kwa jumla zikimaliza vyumba vinne kwa siku ni siku 12 za kazi, lakini kuna mvua na kuna simu za dharura, kwa hiyo mwambie bosi wiki tatu na usikubali kusukumwa useme mbili.

Kabla hawajaanza waambie kazi iliyokwisha ikoje, maana "fanya sevisi" kila mtu anaielewa vyake. Breka imezimwa kabla ya kufungua. Filta na koili ya ndani zimeoshwa. Bomba la maji limemiminiwa maji wakaona kwa macho yanatoka nje. Koili ya nje imeoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, manake huko ufukweni upepo unaleta chumvi inayokula zile mbavu za aluminiamu, na visima vya pwani vingi maji yake yana chumvi nayo, ukiosha kwa hayo hujafanya kitu. Halafu kiwashwe kwa baridi dakika 15, wapime hewa inayoingia na inayotoka kwa kipimajoto, tofauti iwe kama digrii 8 mpaka 12, namba zote mbili ziandikwe daftarini. Hizo namba ndio zitakazokusaidia kukagua bila kurudia kazi ya mtu. Chumba kikiandikwa tofauti ya digrii 4 basi uliza, labda filta bado chafu, labda gesi imepungua.

Na waambie mipaka. Kapasita imekufa, wabadilishe wenyewe waandike. Gesi imepungua, wakuulize kwanza, kwa sababu gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua pana pahala inavuja, ukiongeza tu bila kutafuta tundu mwezi ujao mko palepale na pesa imekwenda. Kompresa hakuna kuigusa bila weye kujua.

Kukabidhi kwenyewe fanya kwa hatua. Vyumba viwili vya mwanzo simama nao, wao ndio wafanye, weye mikono mfukoni. Siku ya pili wafanye peke yao, weye uje mwisho tu. Baadae kagua chumba kimoja katika kila vitano, usiwaambie kipi, na mkishazoeana daftari linatosha. Ukikuta kosa usipande ngazi weye, muulize "ulipima ngapi hapa?" mwache apande mwenyewe. Najua mikono itakuwasha!

Unakumbuka kile kiza cha 2009 kuingia 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika Disemba, Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi? Nilikuwa fundi mdogo hoteli nyengine, na supavaiza wetu wa wakati huo ndiye aliyenifundisha haya bila kuyasema. Jenereta lilikuwa halizimwi. Mafuta ya injini kwa jenereta kama lile hubadilishwa kila saa 250 hivi, ukiliendesha usiku na mchana ni kama siku kumi tu zimeshafika. Angeng'ang'ania yeye peke yake angeanguka mwezi wa kwanza. Wiki ya mwanzo akatuonesha wote, mpaka mtunza bustani mmoja, kusoma kipimo cha mafuta, joto na dizeli, kila saa tuandike, na akatuambia joto likifika hapa zima usimuulize mtu. Usiku mmoja kijana wa zamu akazima kweli, hoteli nzima kiza, wageni wanapiga kelele, feni belti lilikuwa limekatika. Supavaiza alipokuja hakumgombeza hata neno, akamwambia umeniokolea injini. Tokea siku ile hakuna aliyeogopa kuamua.

Kuhusu kusahihisha watu, hilo lifanyie faragha, usiandike kwenye grupu la watsapu. Sema kilichotokea, wapi, na kimeleta nini: "chumba 14 bomba halikujaribiwa kwa maji, usiku limevuja kitandani mgeni kahamishwa, ilikuwaje?" Kisha msikilize, huenda ndoo ilikuwa moja timu mbili. Ukianza na "weye mvivu" mazungumzo yameshakufa. Na jambo likiwa zito usimtishe mtu kumfukuza kazi, hayo yana utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005, peleka ofisi ya wafanyakazi na maandishi yako.

Urafiki nao utakupa taabu, maana mafundi hawa ni wenzio wa kahawa. Kahawa endelea kunywa, ila habari za mtu wa kazini usizizungumze pale, hata akianza mwengine. Na watakupima kwenye rosta ya Idi na ovataimu kuliko kwenye maneno. Itoe rosta ya Idi Kubwa wiki tatu kabla, aliyefanya kazi Idi iliyopita apumzike hii, na weye jiweke zamu siku moja ya sikukuu. Rafiki yako wa karibu kabisa apate haki ileile, asipate zaidi.

Ukifika Juni angalia daftari: vyumba gani vimerudi na tatizo lilelile ndani ya wiki mbili, na vilifanywa na nani. Mmoja akirudiwa sana kaa naye, wakirudiwa wote basi maelezo yako ndio hayakueleweka. Halafu chukua likizo siku mbili, hiyohiyo Juni kabla ya msimu, simu ya shifti mwachie mzee wa pampu, yako izime. Ukirudi waombe wakwambie kila walichotaka kukuuliza wakakukosa. Orodha hiyo chukua uende nayo kwa bosi mnapokaa mwisho wa miezi mitatu, pamoja na yale mliyokubaliana kwenye meseji ya wiki ya kwanza, na hapohapo umuulize barua yako ya cheo na mshahara mpya, kama bado hawajakupa kwa maandishi.

Mie Ijumaa hii niko mjini, baada ya sala nipigie, na kama rosta umeshaianza njoo nayo Forodhani tuitazame pamoja. Wasalimie nyumbani.

Ndugu yako