Barua ya wazi kwa vijana mnaobembelezwa mbaki kazini

Wanangu,

Nimefanya kazi katika idara za rasilimali watu jijini Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa kumbembeleza mfanyakazi aliyewasilisha barua ya kuacha kazi. Kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mfanye nini mwajiri anapowaongezea mshahara baada ya kusikia mmepata kazi kwingine, naona vyema niwaandikie nyote kwa pamoja, nikitumia mfano wa binti mmoja mhasibu ambaye sitamtaja jina.

Binti huyu alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 1,800,000, naye akapata kazi ya shilingi 2,500,000, zote zikiwa mshahara wa msingi. Alipowasilisha barua, meneja wake alimwita kesho yake asubuhi na kumwambia kwamba kampuni nayo itamlipa 2,500,000, kwa hiyo hana sababu ya kuondoka. Nilimshauri asijibu ndiyo wala hapana, bali aombe maelezo ya fedha hizo kwa maandishi. Yalipokuja, ikaonekana kwamba mshahara wa msingi ungepanda hadi 2,000,000 tu, na zile 500,000 zilizobaki zingekuwa posho ya usafiri na ya simu.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu posho ile ilimpa zaidi mkononi. Katika kazi mpya, nyongeza ya 700,000 ingekatwa 70,000 za NSSF, kisha kodi ya asilimia 30 kwenye 630,000 zinazobaki, yaani 189,000, na kwa kuwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya nyongeza ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Angebaki na 336,000. Kwa mwajiri wake wa zamani, hata kama NSSF na kodi zingekatwa kwenye nyongeza yote, Bodi ingechukua 30,000 tu, naye angebaki na 411,000. Lakini ile tofauti ya 75,000 haikuwa faida yoyote. Lilikuwa deni lake mwenyewe linalolipwa polepole. Isitoshe, posho ya namna hiyo ndiyo huguswa kwanza bajeti inapobana, na siku mtu akipunguzwa kazini, kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi hadi miaka 10, hakiihesabu.

Sisemi kwamba kubaki ni kosa siku zote. Anayehama huanza upya kuhesabu miaka ya utumishi, na katika miezi 6 ya kwanza kwa mwajiri mpya hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hilo ni jambo zito kwa mwenye familia. Ila jiulizeni fedha hiyo imetoka wapi. Mara nyingi nilichofanya mimi kilikuwa kuisogeza mbele nyongeza ya mwaka unaofuata, na mwaka ulipofika mtu yule hakupata kitu. Pengine, nasema kwa masikitiko, meneja alitaka tu mtu wa kumaliza ukaguzi wa hesabu. Mkiona nyongeza imeambatana na agizo la kumfundisha msaidizi kazi zenu zote, ulizeni msaidizi huyo ameajiriwa kwa nafasi ipi.

Basi, anayetaka kubaki adai marekebisho ya mkataba yaliyosainiwa, yanayotaja mshahara wa msingi, cheo na tarehe ya kuanza, kabla hajaiondoa barua yake ya kuacha kazi na kabla hajamjibu mwajiri mpya. Kama tayari amesaini mkataba kule, ausome kwanza kipengele cha notisi, kwa maana kujitoa baada ya kusaini kunaweza kumgharimu.

Binti yetu aliomba nyongeza yote iingie kwenye mshahara wa msingi. Meneja akamjibu kwamba jambo hilo litaangaliwa mwisho wa mwaka, na hakuwa tayari kuliandika. Binti akamshukuru, akathibitisha kwa barua kwamba anaondoka, akatumikia notisi ya siku 28 inayowahusu wanaolipwa kwa mwezi, bila kuichanganya na likizo, akakabidhi vitabu vya hesabu kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, na akachukua hati yake ya utumishi.

Ni mimi mzee wenu, mstaafu.